Nembo ya Shule Inapohamia Kwenye Sweta

Nembo nyingi za shule huchorwa kwa ajili ya cheti na bango la getini, halafu siku moja zinapelekwa kwa fundi wa kudarizi. Chukua ngao ya aina tuliyoizoea: Mlima Kilimanjaro, kitabu kilichofunguliwa, mwenge, na chini yake utepe wa kaulimbiu. Kwenye karatasi ina upana wa sentimeta 18. Kifuani mwa sweta itapata sentimeta 7.

Hapo ndipo tabu inapoanza. Mstari wa nusu milimita unabaki milimita 0.2, ilhali uzi wa kawaida wa kudarizi, namba 40, una unene wa karibu milimita 0.4. Mistari ya nembo hushonwa kwa uzi unaokwenda na kurudi ukingo hadi ukingo. Ukingo ukiwa chini ya milimita moja, sindano hutoboa karibu palepale, kitambaa kinachanika na uzi unakatika. Kwa hiyo mzingo wa ngao uwe milimita 1.5 au zaidi, hasa kwenye sweta, maana nyuzi nyembamba humezwa na ufumaji wake.

Kitabu chenye mistari minane kila ukurasa kiachiwe kurasa nyeupe na mstari mmoja mnene katikati. Mlima hauhitaji vivuli: kilele kipana cha Kibo chenye theluji kinatosha kuutambulisha. Ndimi za moto zilizopakwa rangi tatu zinazofifia ziwe mwali mmoja wa rangi ya chungwa.

Ugumu hasa uko kwenye kaulimbiu. Tuseme ni “Elimu ni Ufunguo wa Maisha”: herufi 22 na nafasi nne. Utepe wa milimita 60 unaipa kila moja milimita 2.3 hivi, wakati herufi isomekayo kwa uzi huu hutaka kimo cha milimita 5 na upana wa karibu milimita 4. Ukilazimisha, matundu ya “o” na “a” yanaziba. Mimi ningeuondoa utepe, niweke jina la shule kwa herufi kubwa juu ya ngao, hata kama kamati itanuna. Kaulimbiu ibaki kwenye cheti.

Kuna jambo lingine lisiloonekana kwenye skrini. Uzi huvuta kitambaa, hivyo duara linaweza kutoka kama yai, na kati ya rangi ya ngao na mzingo wake ukabaki ufa. Fundi mzoefu huipitisha rangi chini ya mzingo kwa karibu nusu milimita, na mzingo hushonwa mwisho.

Kabla ya kulipia oda, chapisha nembo kwa sentimeta 7 na uifuatishe kwa kalamu yenye ncha ya milimita moja. Kisichochoreka, kiondoe. Kisha dai sampuli juu ya sweta lenyewe, si kitambaa kingine. Na wakitaka kofia baadaye, faili hilo lisipunguzwe zaidi ya asilimia 10 hivi. Kofia ipangiwe mchoro wake.