Taarifa ya Saa za Kwanza Ugonjwa Usiojulikana Unapozuka

Taarifa ya awali ya mlipuko wa ugonjwa huandikwa siku ileile timu ya afya inapofika kijijini, mara nyingi kabla maabara haijasema lolote. Anayeisoma, kwa mfano mganga mkuu wa mkoa, anataka kuamua mambo ya usiku huo: nani atengwe, mazishi yafanyikeje, sampuli zisafirishwe na nani. Kwa hiyo hutosha ukurasa mmoja, na juu yake huwekwa saa ambayo hesabu ilifungwa. Saa hiyo isipoandikwa, taarifa ya asubuhi na ya jioni huonekana kupingana.

Machi 16, 2023, Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza ugonjwa usiojulikana katika Wilaya ya Bukoba, mkoani Kagera. Watu 7 walikuwa wameugua na 5 kati yao wamefariki, wakiwa na dalili za homa, kutapika, kutokwa na damu na figo kushindwa kufanya kazi. Hayo ndiyo yaliyojulikana, kwa kuwa yalionekana na kuhesabiwa. Chanzo hakikujulikana, na sampuli zilikuwa zimechukuliwa. Ebola ilikuwa imetangazwa kwisha nchi jirani ya Uganda Januari ya mwaka huohuo, hivyo kukisia kulikuwa rahisi mno. Machi 21 jibu la maabara likatangazwa: Marburg, ndugu wa Ebola lakini virusi vingine. Kisio hilo lingeandikwa kama jambo lililojulikana, lingekuwa kosa.

Yasiyojulikana na yanayochunguzwa huchanganywa sana, ingawa hayafanani. Jambo linalochunguzwa lina mtu aliyekabidhiwa na muda wa kutarajia jibu: sampuli zimeondoka saa 8 mchana, majibu yanatarajiwa kesho jioni. Kama hakuna aliyetumwa kulifuatilia, hilo bado halijulikani tu, hata likipambwa kwa maneno “uchunguzi unaendelea”. Msomaji makini huona hapo mtu anayepaswa kutumwa.

Mtego mwingine ni jibu hasi la mapema. Kwa Ebola na Marburg, sampuli iliyochukuliwa kabla ya saa 72 tangu dalili zianze inaweza kutoonyesha virusi vilivyomo, kwa hiyo kipimo hurudiwa. Jibu kama hilo hubaki kwenye yanayochunguzwa, likiandikwa pamoja na saa ya kuchukua sampuli na saa ya kurudia.

Hesabu nazo hutenganishwa: wanaohisiwa, na waliothibitishwa na maabara. Mgonjwa mmoja huweza kuhesabiwa mara mbili, zahanati na hospitali, huku aliyefia nyumbani akiachwa kabisa. Orodha ikipitiwa kwa jina, umri na kijiji, idadi ya wanaohisiwa inaweza kushuka. Taarifa inayofuata hutaja mshuko huo na sababu yake, kwa mfano wawili walikuwa mtu mmoja, au mmoja amekutwa na malaria na vipimo vyake viwili vya virusi ni hasi.