Moyo kupiga mbio kidogo kisha usiku mbaya ao kisha chanjo: ni kiasi gani, na inaisha lini?

Siku hizi katika makundi yetu mna mashini za tansio. Mashini hiyo inaonyesha namba tatu: mbili za juu ni za tansio, na ile ya chini ni mapigo ya moyo kwa dakika moja. Ni ile ya chini inayoleta maswali mengi. Mama amezoea kuona 70, asubuhi moja anaona 76, na moyo wake unashituka zaidi ya vile ulivyokuwa unapiga. Mwingine alichomwa sindano jana, leo anaona 85, na jirani anamwambia chanjo imemharibia moyo.

Tuseme kwanza jambo lenyewe. Usiku mbaya unapandisha mapigo kidogo, na chanjo pia inaweza kuyapandisha. Lakini kupanda huko kuna kipimo chake na kuna siku zake. Mama anayejua kipimo hicho hataogopa bure, na siku kitu kingine kitakapoingia mwilini hatasema tu, “ni chanjo,” huku malaria inazidi.

Namba yako mwenyewe

Mtu mzima aliyetulia anakuwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika. Nafasi hiyo ni pana sana, kwa hiyo haikusaidii kujua kama leo yako yamepanda. Kinachosaidia ni kujua namba yako wewe, ile ya siku za kawaida.

Pima asubuhi kisha kuamka, ukiwa ungali kitandani, mbele ya chai na mbele ya kuteka maji. Weka vidole viwili, kile cha shahada na cha katikati, kwenye kiwiko cha mkono upande wa kidole gumba, pale mkono unapoungana na kiganja. Usitumie kidole gumba kupimia, kwa sababu nacho kina mapigo yake na kitakudanganya. Hesabu dakika moja nzima kwa saa ya simu. Wengine wanahesabu sekunde 15 na kuzidisha mara nne. Njia hiyo ni ya haraka, lakini ukikosa pigo moja tu, hesabu yako inakosea kwa manne, na manne ni karibu sawa na kile tunachotaka kupima hapa. Fanya hivyo asubuhi tatu zilizo nzuri, uandike katika kaye. Namba ya katikati ndiyo yako.

Mama mwenye mimba aanze upya kutafuta namba yake, kwa maana mimba yenyewe inapandisha mapigo kidogo kidogo. Mwishoni mwa mimba yanaweza kuwa 10 hadi 20 zaidi ya zamani, na huo si ugonjwa.

Kisha usiku mbaya

Tunapolala vizuri, moyo unapunguza mwendo kwa masaa mengi. Mtoto akikuamsha mara tano, ao ukikesha kwenye kilio, mwili unabaki katika hali ya kulinda. Moyo haupati ule muda wake wa kushuka, na asubuhi unaamka nao ungali juu kidogo.

Kwa wengi, kupanda huko ni kwa mapigo mawili hadi matano. Kama kawaida yako ni 71, utaona 73 ao 76. Pombe ya jioni, hasira ao kazi nzito ya jana vinaweza kuongeza mengine machache. Usiku mmoja ao mbili za kulala vizuri zinatosha kuyarudisha. Mama anayenyonyesha mtoto mchanga, asiyepata usiku mzuri hata mmoja katika juma, anaweza kubaki juu kidogo juma zima. Lakini usingizi mbaya peke yake hauwezi kumtoa mtu kwenye 71 na kumfikisha 100 akiwa ametulia kitandani. Ukiona hivyo, tafuta sababu ingine: homa, upungufu wa damu, upungufu wa maji kwa sababu ya kuharisha, ao damu inayotoka kisha kuzaa.

Kisha chanjo

Chanjo inaufundisha mwili kupigana na ugonjwa, na mwili unajibu. Walinzi wake wanaamka, wanatumiana ujumbe ndani ya damu, na mara nyingine joto linapanda. Moyo unafuata.

Wakati wa chanjo za Kovidi, watafiti walifuata maelfu ya watu waliovaa saa zinazohesabu mapigo mchana na usiku. Waliona kwamba mapigo yanapanda kweli kisha sindano, lakini kwa wastani ni machache tu, si zaidi ya matano. Kilele kilikuwa siku ya kwanza ao ya pili, na kabla ya juma kuisha walikuwa wamerudi kwenye namba zao.

Mwenye kupata homa kisha sindano anaona zaidi ya hapo, na hesabu yake ni rahisi: kila digri moja ya joto inayoongezeka inaongeza karibu mapigo 10 kwa mtu mzima. Kwa hiyo mapigo yakipanda sana, uliza kwanza termometa. Kama joto linaeleza kupanda huko, moyo unafanya tu kazi yake.

Tuchukue mfano

Tuseme kuna mama ambaye asubuhi tatu mfululizo alipata 70, 72 na 71. Namba yake ni 71, na joto lake la kawaida ni 36,7. Usiku wa Jumatano mtoto anamkesesha. Alhamisi asubuhi anapima 75. Ni mapigo manne zaidi, bila homa: ni usiku ule tu. Siku hiyo hiyo anaenda kuchomwa chanjo ya pepopunda.

Ijumaa asubuhi mkono unamuuma, mwili umechoka. Termometa inaonyesha 37,9, na mapigo ni 84. Afanye hesabu: joto limepanda kwa digri 1,2, ambayo inaleta karibu mapigo 12. Chukua 71 plus 12, unapata 83. Yeye ana 84. Hesabu inakubali. Anakunywa maji, anapumzika, na kama anaumwa anachukua parasetamoli. Jumamosi joto ni 36,9 na mapigo 76. Jumapili mapigo ni 72, na jambo limeisha.

Sasa tubadili mwisho wa hadithi. Jumamosi yuko 76 vilevile, lakini Jumapili joto ni 38,6, mapigo 94, na anatetemeka kwa baridi. Homa na mapigo vinakubaliana hata hapa: digri 1,9 zinaleta karibu 19. Kisichokubali ni siku. Homa ya sindano hii inakuja mapema na inashuka. Ile inayorudi siku ya tatu, ikiwa na nguvu kuliko ya kwanza, si ya chanjo. Mama huyo aende siku hiyo hiyo kupimwa malaria kwa tone la damu, asingojee Jumatatu.

Kuna pia kosa la aina ya pili. Tuseme parasetamoli imeshusha joto hadi 37, lakini mapigo yamebaki 105 kisha kupumzika saa nzima. Homa haielezi tena namba hiyo. Hapo mwili unaweza kuwa umekauka maji, ama damu inapotea mahali, ama kuna ambukizo kubwa. Muganga amwone.

Kwa watoto hesabu inabadilika

Moyo wa mtoto ni mdogo na unapiga mara nyingi. Mtoto mchanga akiwa macho anaweza kuwa na mapigo 100 hadi 160, na akilia yanapanda zaidi. Kwa hiyo kumpima akilia hakufundishi kitu. Ngoja alale, weka vidole viwili ndani ya mkono wake wa juu, kati ya bega na kisugudi, uhesabu dakika nzima. Kwake digri moja ya homa inaweza kuongeza mapigo 10 hadi 15. Lakini kwa mtoto, usitegemee mapigo zaidi ya joto, kunyonya na kupumua.

Jua pia siku za chanjo zake, kwa sababu hazifanani. Chanjo ya penta, ile ya juma la 6, la 10 na la 14, inaleta homa siku ileile ao kesho yake, na ndani ya siku mbili imeisha. Chanjo ya surua, inayotolewa kwenye miezi 9, ina tabia tofauti: homa yake inakuja kwa kuchelewa, karibu siku ya 7 hadi ya 12, na inakaa siku moja ao mbili. Mama asiyejua hilo anashangaa, kwa sababu sindano ameshaisahau. Lakini hata katika siku hizo, hapa kwetu mtoto mwenye homa apimwe malaria, maana surua ya sindano na malaria zinaweza kuangukia juma moja.

Na mtoto ambaye hajafikisha miezi miwili, akiwa na joto la 37,5 ao zaidi, apelekwe kituo cha afya hata kama alichomwa sindano jana. Kwa umri huo hatuhesabu nyumbani.

Siku ya kutongojea

Kwa mtu mzima, enda kituo cha afya kama mapigo yanapita 100 umetulia na hauna homa inayoyaeleza, ao kama homa inapita siku mbili ao tatu kisha sindano. Enda mbio, hata usiku, kama kuna maumivu ya kifua, pumzi fupi, kuzimia, ao moyo unaorukaruka bila mpango. Midomo ao uso ukivimba, ao pumzi ikibana ndani ya dakika chache kisha sindano, hiyo ni hatari ya palepale. Ndiyo maana muuguzi anawaomba mkae kwenye benchi kidogo mbele ya kurudi nyumbani. Kwa mtoto, mpeleke kama anakataa kunyonya, anapumua mbio kifua kikiingia ndani, ana degedege, ao anaamshwa na haamki vizuri.

Ukifika, mwambie muuguzi mambo manne: namba yako ya kawaida, namba ya leo, joto lako, na siku uliyochomwa sindano. Chukua fishi ya chanjo pamoja na kaye yako. “Kawaida yangu ni 71, leo ni 94, joto 38,6, sindano ni siku ya tatu”: kwa maneno hayo tu, anajua mahali pa kuanzia.