Tairi lenye kimo cha mita 4, na herufi ya mwisho ya kasi

Ubavu wa tairi hausemi maneno mengi, lakini mstari mmoja tu wa tarakimu unatosha kuwatambua mabingwa wake.

Tuanze na jitu. Malori ya migodini kama Caterpillar 797F, yanayobeba tani 363 kwa safari moja, huvaa tairi lililoandikwa 59/80R63. Hapa tarakimu ya kwanza ni upana kwa inchi. Ya pili inaeleza kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 80 ya upana huo, yaani inchi 47 hivi. R ni rediali, na 63 ni kipenyo cha rimu. Jumlisha mbavu mbili na rimu, upate inchi 157: mita 4 kamili. Twiga mdogo angelitazama kwa heshima.

Kwa kasi, herufi ndiyo inayosema. H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240, Y ni 300. Y ikifungwa kwenye mabano, (Y), maana yake ni zaidi ya 300, na alfabeti inaishia hapo. Mwaka 2019 Andy Wallace aliifikisha Bugatti Chiron kilomita 490 kwa saa huko Ehra-Lessien, Ujerumani. Herufi haikumtosha, tairi ziliimarishwa mahsusi na kupigwa eksirei kabla ya kufungwa.

Lakini kwangu mimi bingwa wa kudanganya macho ni 91, tarakimu inayoonekana kwenye picha nyingi za tairi za mtumba: 195/65R15 91H. Kwenye gari dogo, 195 ni milimita, si inchi. Na 91 si kilo. Ni namba ya jedwali inayomaanisha kilo 615 kwa tairi moja. Tairi la Haisi huandikwa 195R15C 106/104: kilo 950 likiwa peke yake, 900 yakifungwa mawili upande mmoja. Upana ni ule ule na rimu ni ile ile, kwa hiyo lile la gari dogo linaingia bila shida kwenye Haisi. Ila ekseli ya nyuma inabaki na uwezo wa kilo 1,230 badala ya 1,900, na tairi lenyewe ni fupi kwa sentimita 6 hivi. Utaliona pengo kati ya tairi na madigadi, na spidomita itasoma zaidi ya mwendo halisi.

Muuzaji akikutumia picha, omba na ya ubavu wa pili. Tarehe ya kutengenezwa mara nyingi huwa upande mmoja tu: tarakimu nne mwishoni mwa mstari wa DOT, kama 2319, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Asiyetaka kuupiga picha ubavu huo, mwachie tairi lake.