Muuzaji Akisema Mzigo Utachelewa: Jinsi ya Kumjibu

Ndugu wanakikundi, mara nyingi barua ya kuchelewa huja na maneno matamu. "Tunasikitika kuwajulisha kuwa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu, bidhaa mlizoagiza zitachelewa kidogo. Zitafika hivi karibuni. Asanteni kwa uvumilivu wenu." Katibu anaisoma mbele ya mkutano, watu wanaguna, kisha mwenyekiti anapiga simu na kusema, "Sawa basi, tutangoja." Hapo ndipo kikundi kinapojifunga mikono.

Tuchukue mfano wa kikundi cha maziwa hapa upande wetu wa Siongiroi. Huu ni mfano tu, lakini wengi wenu mtauona kama wa nyumbani. Kikundi kimeagiza mikebe 10 ya alumini ya lita 50 kwa bei ya shilingi 10,000 kila mmoja. Jumla ni 100,000. Wamelipa nusu, yaani 50,000, na nusu nyingine italipwa mikebe ikifika. Oda imeandika kuwa mzigo utafika tarehe 3 Machi. Mwezi huo mvua huanza, nyasi huota, maziwa huongezeka, na mitungi ya plastiki ambayo haisafishiki vizuri ndani huanza kuchachisha maziwa kabla hayajafika kwenye kiwanda cha kupozea. Tarehe 28 Februari barua ya kuchelewa inafika.

Kwanza tuangalie hayo maneno "nje ya uwezo wetu". Hayana nguvu ya peke yake. Yanamsaidia muuzaji ikiwa mapatano yenu yalisema kwamba jambo fulani likitokea hatalaumiwa, au ikiwa kazi yenyewe imekuwa haiwezekani kabisa. Lori kuharibika, mfanyakazi kuacha kazi au bei ya kiwandani kupanda ni shida za biashara yake. Kwa hiyo katika jibu lako muulize kwa adabu: ni sababu gani hasa, na mzigo uko wapi sasa? Aliye na mikebe bandarini Mombasa atakupa jibu tofauti na yule ambaye hata hajaiagiza. Asipojibu swali la pili, anza kuwa na wasiwasi na hela zako.

Jambo la pili ni tarehe. "Hivi karibuni" si tarehe. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, inasema kwamba kama wakati ni sharti kuu au si sharti kuu hutegemea maneno ya mapatano. Na ukisema "tutangoja" bila kutaja mpaka, unaweza kuonekana umeiachilia ile tarehe ya kwanza. Je, umepotea kabisa? Hapana. Iko kesi ya Uingereza iliyoamuliwa mwaka wa 1950, na sheria yetu ya uuzaji ilichukuliwa kutoka kwao, kwa hiyo mawakili wa hapa huitaja. Bwana mmoja, Oppenheim, alitaka gari lake la Rolls-Royce litengenezewe bodi. Muda wa mapatano uliisha Machi 1948. Gari halikuwa tayari, naye akaendelea kuvumilia na kusukuma. Tarehe 29 Juni akaandika kwamba lisipofika kufikia tarehe 25 Julai hatalipokea tena. Likakamilika Oktoba. Akalikataa. Mahakama ikasema alikuwa na haki: ingawa mwanzoni alivumilia, alitoa notisi ya muda wa kutosha na kuweka siku ya mwisho.

Angalia maneno "muda wa kutosha". Oppenheim alitoa karibu wiki nne. Ukimwambia muuzaji wa Nairobi alete mikebe 10 kesho kutwa, tarehe yako haitasimama. Kikundi chetu cha mfano kilipiga simu kwa wauzaji wengine wawili na kuuliza mikebe kama hiyo huchukua siku ngapi. Wakaambiwa wiki mbili. Wakaweka wiki tatu, yaani tarehe 24 Machi. Hiyo ni haki, na kila mtu anaweza kuona ni haki.

Sasa tufike kwenye fidia, na hapa ndipo vikundi vingi huharibu. Mmoja anasema tudai elfu hamsini kwa usumbufu. Mwingine anasema tudai maziwa yote ya mwezi. Madai kama hayo humfanya muuzaji acheke, au aache kujibu. Fidia ni hasara iliyotoka moja kwa moja katika kuchelewa, iliyohesabiwa, na yenye karatasi. Tena ni lazima wewe mwenyewe uwe umejaribu kuipunguza.

Kikundi kilikodi mikebe 6 kwa shilingi 30 kila mkebe kwa siku, na maziwa mengine yakabebwa kwa ile michache ya zamani. Hiyo ni 180 kwa siku. Kuanzia tarehe 4 hadi 24 Machi ni siku 21, kwa hiyo 3,780. Walikuwa pia wamelipia pikapu ya kuchukua mzigo Bomet. Walipopata barua walimpigia mwenye pikapu mara moja, akarudisha hela zote isipokuwa 1,000 ya kushikilia nafasi. Wakidai hiyo 1,000 ni sawa. Wangekaa kimya pikapu iende bure, muuzaji angewauliza, "Kwa nini hamkumzuia nami niliwaambia siku tatu mbele?" Na angekuwa na haki. Jumla ya madai basi ni 4,780.

Na maziwa yaliyochacha? Mama mmoja atasema lita zake 40 zilirudishwa. Tunamhurumia, lakini dai hilo ni gumu. Mwaka wa 1854 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya wenye kinu cha kusaga huko Gloucester, Hadley na wenzake. Mhimili wa mashine ulivunjika, wakaupeleka kwa wachukuzi ufikishwe kwa mafundi uwe kielelezo cha kutengeneza mwingine. Wachukuzi wakachelewa, kinu kikasimama siku kadhaa. Wenye kinu wakadai faida waliyopoteza. Mahakama ikasema wachukuzi hawakuambiwa kwamba bila mhimili huo kinu kitasimama. Huenda mwenye kinu angekuwa na mwingine wa akiba. Faida ile haikulipwa. Kwa hiyo hasara ya namna hiyo unaweza kuidai vizuri kama ulimwambia muuzaji wakati wa kuagiza: "Mikebe hii isipofika tarehe 3 Machi, maziwa yetu yatakosa chombo." Sentensi moja katika oda. Safari ijayo iandikeni.

Barua ya kikundi ilikuwa namna hii:

"Kwa Meneja,

KUHUSU: ODA YETU YA MIKEBE 10 YA MAZIWA YA LITA 50

Tumepokea barua yako ya tarehe 28 Februari. Mapatano yetu yalikuwa mzigo ufike tarehe 3 Machi, na tumelipa shilingi 50,000. Hatujakubali kuiacha tarehe hiyo wala haki zetu zinazotokana nayo.

Tafadhali tujulishe kwa maandishi, kabla ya tarehe 8 Machi, sababu hasa ya kuchelewa na mahali mikebe ilipo sasa.

Tuko tayari kupokea mikebe yote 10 kufikia saa kumi jioni ya tarehe 24 Machi. Tarehe hii ni ya mwisho na ni sharti kuu. Isipofika, tutavunja oda, na utatakiwa kurudisha shilingi 50,000 kwa siku saba. Tukinunua kwingine kwa bei ya juu, tutadai tofauti.

Kuchelewa huku kunatugharimu shilingi 180 kwa siku kukodi mikebe, na 1,000 ya pikapu. Mzigo ukifika tarehe 24 Machi, fidia itakuwa 4,780. Tunapendekeza ikatwe katika baki, nasi tutalipa 45,220. Ukifika mapema, tutapunguza kwa siku zilizobaki. Kopi za risiti ziko pamoja na barua hii.

Tunaomba utie sahihi kopi moja kuonyesha umekubali na uirudishe."

Mwenyekiti, katibu na mweka hazina wakatia sahihi, na muhuri wa kikundi ukapigwa. Barua haina matusi wala vitisho. Ona pia kwamba fidia inaombwa ikatwe katika baki. Ile nusu ambayo bado iko mkononi mwenu ndiyo nguvu yenu kubwa kuliko kesi yoyote. Kikundi kilicholipa hela zote mbele kitaandika barua hiyo hiyo, lakini kitasubiri zaidi. Hata hivyo, msikate wenyewe kimyakimya. Pateni kwanza sahihi yake, au angalau jibu la maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Akipiga simu na kusema "nimekubali", mtumieni ujumbe siku hiyo hiyo: "Kama ulivyosema leo kwa simu, umekubali tarehe 24 Machi na kukata 4,780." Barua yenyewe pelekeni kwa mkono na aliyeipokea atie sahihi kwenye kopi yenu. Na risiti ziwe kwa jina la kikundi, si la mwenyekiti, maana baadaye mtu anaweza kuuliza ni nani hasa aliyenunua.

Tuseme tarehe 24 imepita na hakuna kitu. Fanyeni mlivyosema. Wakinunua kwingine kwa 10,600 kila mkebe, tofauti ni 600 mara 10, yaani 6,000, na hiyo inaongezwa kwenye madai. Mkiongeza wiki nyingine na nyingine bila kuandika, mnarudi pale pale pa "tutangoja". Akikataa kurudisha hela, Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka wa 2016 inahusu pia mapatano ya kuuza na kuleta bidhaa, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mtu anaweza kujieleza mwenyewe bila wakili. Ulizeni katika ofisi ya mahakama ya Bomet madai ya namna hiyo yanapelekwa wapi. Bebeni oda, risiti, barua ya muuzaji na kopi ya jibu lenu.

Na mikebe ikifika kwa kuchelewa nanyi bado mnaitaka? Ipokeeni, lakini msitie sahihi karatasi ya dereva haraka haraka. Hesabuni, fungueni vifuniko, tazameni kama kuna iliyobonyea. Kisha juu ya sahihi andikeni kwa kalamu: "Tumepokea mikebe 10 tarehe fulani. Madai yetu ya kuchelewa bado yapo." Dereva akisema hana ruhusa ya kuandikiwa hivyo, andikeni vivyo hivyo, kwenye kopi yake na kwenye yenu.