Semina imejaa: aliyebaki nje aambiwe nini

Tuchukue semina ya siku moja ya kutengeneza sabuni ya maji, inayofanyika Jumamosi tarehe 9 Mei 2026 katika ukumbi wa kukodi Buguruni, Dar es Salaam. Ada ni shilingi 40,000, ndani yake mna vifaa na chakula cha mchana. Nafasi ni 24. Jumatatu ya wiki hiyo, adhuhuri, nafasi ya mwisho inalipiwa. Kabla mwandaaji hajaweka simu chini, watu wawili zaidi wametuma ada, na wengine wanapiga kuuliza kama wamechelewa.

Wengi hapo huandika maneno mawili, "Nafasi zimejaa", wakaendelea na kazi. Kwa mwandaaji shughuli imekwisha. Kwa aliyebaki nje ndiyo kwanza inaanza, maana ana maswali ambayo maneno hayo mawili hayayajibu. Kama nimeshalipa, pesa yangu iko wapi? Lini tena? Na mtu mmoja akijitoa, nitajuaje?

Swali linalotangulia hayo yote huwa ni hili: imejaaje, wakati ukumbi una viti 80? Ni swali la haki. Semina ya vitendo haihesabiwi kwa viti, huhesabiwa kwa ndoo. Watu wanne wanashika ndoo moja, na ndoo ni sita. Kila mmoja anapaswa kukoroga kwa mkono wake asidi ya salfoniki ikikutana na maji ya magadi soda, aone povu linavyopanda, na ajue kwa nini magadi yanaongezwa kidogo kidogo. Asidi ile inaunguza ngozi, kwa hiyo mkufunzi na msaidizi wake lazima waione mikono yote iliyovaa glovu. Baadaye inakuja chumvi, na hapo ndipo wanaojifunza kwa kusimuliwa wanapokwama. Chumvi huifanya sabuni iwe nzito, lakini ikizidi, sabuni ileile inalegea na kurudi kama maji. Hatua ile inapita haraka. Aliyesimama safu ya nyuma haioni, naye atakwenda kuharibu malighafi yake nyumbani.

Ndiyo maana ninashikilia kwamba sababu ya kujaa iandikwe ndani ya tangazo lenyewe, kwa sentensi moja. Isipoandikwa, mwandaaji atashinda akijibu, "Nitasimama hata mlangoni." Ikiandikwa, mtu anaelewa kwamba amekataliwa kwa faida yake na ya wale 24 waliokwisha kulipa.

Kwa semina yetu, tangazo lingekuwa hivi:

"SEMINA YA SABUNI YA MAJI YA 9 MEI IMEJAA. Tafadhali usitume ada ya tarehe hiyo. Tuna ndoo 6 na kila ndoo ni ya watu 4, hivyo hatuwezi kuongeza mtu. Semina nyingine ni Jumamosi 6 Juni 2026, saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni, ukumbi uleule, ada ileile. Ukitaka nafasi ya Juni jibu JUNI. Ukitaka kusubiri nafasi ya 9 Mei endapo mtu atajitoa, jibu SUBIRI. Kusubiri hakulipiwi, na utapewa namba yako ya foleni. Orodha itafungwa Alhamisi 7 Mei saa 12 jioni. Kama umelipa na umekosa nafasi, pesa yako ipo. Tutakupigia leo kabla ya saa 2 usiku uchague Juni au urudishiwe shilingi 40,000 kamili."

Neno la kujaa limekuja mwanzoni kabisa, na mara baada yake ombi la kutotuma pesa. Mpangilio huo una sababu. Wapo wanaosoma kwenye simu ndogo ya vitufe, ambako meseji ya kawaida ni herufi 160 na kinachoonekana kwanza ni mistari michache. Salamu ndefu na shukrani kwa mwitikio mkubwa zikitangulia, mtu atakuwa ameshatuma ada kabla hajafika kwenye habari yenyewe.

Tarehe nayo imeandikwa kamili, siku na mwezi. "Jumamosi ijayo" ni maneno ya hatari katika ujumbe utakaopitishwa kutoka simu hadi simu. Anayeusoma Jumapili atahesabu wiki yake, na wa Alhamisi atahesabu nyingine. Kuchagua tarehe yenyewe pia ni kazi. Mwandaaji wetu aliitazama Jumamosi ya 30 Mei akaiacha, kwa sababu Idi ya kuchinja mwaka huu inatarajiwa katika siku hizo za mwisho wa Mei kwa kufuata mwandamo, na wiki ya Idi watu wako safarini au wameshatumia akiba yao. Kabla hajaitangaza 6 Juni, alikuwa ameshalipa kishika nafasi cha ukumbi na mkufunzi amekubali. Kama bado hayo hayajafanyika, ni heri kuandika kwamba tarehe itatangazwa kabla ya siku fulani. Tarehe ya kubahatisha ikija kuahirishwa, waliokosa mara ya kwanza watakuwa wamekosa mara mbili.

Sasa tuje kwa wale wawili waliolipa wakiwa wamechelewa. Ujumbe wa muamala wa simu una saa, na kwa ujumbe huo hakuna ubishi wa nani alitangulia. Mwandaaji anapaswa kuwapigia siku hiyohiyo, si kuwaandikia. Akirudisha pesa, gharama ya kutuma ni yake, mlipaji apokee 40,000 ileile aliyoitoa. Makato kidogo yanaonekana si kitu kwa anayetuma, lakini mama wa genge anayahesabu, na ana haki ya kuyahesabu. Hapo hapo aambiwe jina litakalotokea anapolipia semina ya Juni, asilipe lingine lolote. Habari ya kujaa huwavuta matapeli wanaojidai wana nafasi ya kuuza.

JUNI na SUBIRI ni njia mbili zisizofanana, na kosa kubwa la matangazo mengi ni kuzichanganya. JUNI ni uhakika: jina limeandikwa na kiti kimehesabiwa. SUBIRI ni bahati tu. Anayesubiri hakatazwi kuchukua na nafasi ya Juni, na akipata ya Mei, ya Juni inaachiwa mwingine. Lisilokubalika ni kuchukua pesa ya mtu anayesubiri. Mwandaaji aliyeshika ada za watu 15 walio foleni ameuza kitu asichokuwa nacho, na siku ya kurudisha huenda fedha hizo zimeshaingia kwenye chumvi na ndoo.

Foleni nayo isiwe ndefu. Katika semina ya watu 24 waliokwisha kulipa kamili, wanaojitoa huwa wachache, mara nyingi kwa msiba, ugonjwa au zamu ya kazini. Majina sita yanatosha. Wa saba aambiwe wazi kwamba foleni imejaa na njia yake ni Juni. Kumpa mtu namba 19 ni kumfanya asubiri jambo lisilokuja, huku nafasi ya Juni ikimpita.

Jumanne usiku mshiriki mmoja anajitoa, amefiwa. Jumatano saa 3 asubuhi mwandaaji anampigia namba 1, fundi cherehani wa Kibaha. Simu haipatikani. Anamwandikia: "Nafasi moja ya 9 Mei imepatikana. Wewe ni namba 1. Tunasubiri jibu lako hadi leo saa 10 jioni." Saa 10 inafika kimya. Anampigia namba 2, mama mtu mzima wa Chalinze.

"Shikamoo mama. Ni kuhusu ile semina ya sabuni. Nafasi imepatikana ya Jumamosi hii, tarehe 9."

"Marahaba mwanangu. Nijibu sasa hivi?"

"Hapana mama, una hadi kesho saa 4 asubuhi. Ukikubali, utalipa kabla ya hapo ndipo jina lako liingie."

Muda huo hakupewa kwa hisani. Anayetoka Chalinze lazima apange basi, na ajue usiku wa Ijumaa atalala kwa nani ili saa 3 awe ukumbini. Mtu wa Buguruni angeweza kupewa saa tatu tu. Saa 11 jioni fundi anapiga, simu yake ilikuwa imezima chaji. Nafasi iko mikononi mwa mama, naye haruhusiwi kunyang'anywa kabla saa zake hazijaisha. Fundi anabaki kichwani mwa foleni, na hilo anaelezwa bila kuzungushwa. Wapo watakaosema ni ukali. Mimi naona foleni inayorudi nyuma kila mtu anapowasha simu haitofautiani na kutokuwa na foleni.

Njia ya mkato ambayo waandaaji wengi huipenda ni kuandika kwenye kundi la WhatsApp: "Nafasi moja imebaki, nani anaitaka?" Ndani ya dakika mbili watu watatu wametuma ada, wawili warudishiwe, na aliyeandikwa namba 1 akiwa gereji au shambani amepitwa na aliyekuwa na bando.

Mama analipa Alhamisi saa 3 asubuhi. Saa 12 jioni orodha inafungwa, kwa sababu Ijumaa asubuhi mwandaaji anakwenda Kariakoo kununua malighafi na glovu za watu 24 wanaojulikana. Mtu akijitoa baada ya hapo, ndoo moja itafanya kazi na watu watatu, nao watakoroga zaidi. Kumwita mtu Jumamosi alfajiri ni kumleta akiwa amechelewa somo la usalama, na hilo ndilo somo lisilorudiwa.

Foleni ilikuwa na watu sita na mmoja amepata, hivyo watano hawakupata. Hao wasiachwe wagundue wenyewe kwa ukimya. Alhamisi ileile jioni kila mmoja anapokea: "Orodha ya 9 Mei imefungwa, nafasi nyingine haikupatikana. Nafasi ya 6 Juni imewekwa kwa jina lako hadi Jumatatu 11 Mei saa 12 jioni. Usipothibitisha, atapewa mwingine." Pamoja nao wapo tisa waliojibu JUNI tangu mwanzo, wakiwemo wale wawili waliolipa wakachelewa. Hivyo tangazo la semina ya Juni likitoka wiki hiyo haliwezi kusema nafasi ni 24. Kumi na nne zina wenyewe, na zilizo wazi ni 10.