'Wud' Ilivyomnyang'anya Mzee Ngoma

Nikifasiri kisa cha Kiingereza juu ya mpiga ngoma wa Bujora, nilikuta 'wud', nikaandika: "Kila sikukuu ya Bulabo angepiga ngoma." Mwenzangu akauliza, "Kwani nani alimzuia?" Kweli bwana, -nge- imemnyang'anya mzee ngoma aliyoipiga! 'Wud' ile ni ya mazoea ya zamani: "Kila Bulabo alikuwa akipiga ngoma." 'Yuzd tu' nayo ingefaa hapo, tena hubeba hata hali: "Zamani alikuwa na ngoma kubwa." 'Wud' ya mazoea haibebi hali, hutaka tendo linalorudiwa. 'Bi yuzd tu' ni jambo jingine kabisa: "Amezoea kelele za ngoma." Huyo hazimsumbui, hata kama hajapiga ngoma maishani.