Maelezo ya picha

'''Maelezo ya picha''' ni zoezi la mtihani wa mazungumzo ambapo mtahiniwa hutazama picha na kueleza kwa mdomo kilichomo. Kwa kawaida huanza na mbele, yaani sehemu iliyo karibu na mtazamaji, kisha nyuma, na mwisho shughuli za watu.

Kwa mfano, picha ya ufuko wa Msimbati, karibu na mlango wa mto Ruvuma katika Mkoa wa Mtwara, inaweza kuelezwa hivi: "Mbele, wanawake wawili wamechuchumaa kando ya kapu la samaki. Nyuma, mtumbwi umefungwa kwenye mkoko." Hali ya mtu hutajwa kwa -me- (amesimama, amevaa), na tendo linaloendelea kwa -na- (anavuta wavu). "Anakaa" badala ya "amekaa" huweza kueleweka kuwa anaishi hapo.

Kosa la kawaida ni kutoa dhana kama hakika. Kapu pekee halithibitishi biashara. Huenda wanawake hao wanachambua samaki wa kupika. Mtahiniwa husema "wanaonekana kama wanauza", kisha hutaja ishara yake: mizani, fedha mkononi au mnunuzi. Ishara isipokuwepo, hubaki na kinachoonekana: "wanapanga samaki".